Chromebook na monita ya nje: uakisi skrini au uipanue?

Ukiunganisha monita kwenye Chromebook, kuna hali mbili za kuitumia. Ya kwanza ni kuakisi: kila kilicho kwenye skrini ya Chromebook kinatokea vile vile kwenye monita, na ukisogeza kipanya huku kinasogea na kule. Ya pili ni kupanua: monita inakuwa nafasi mpya iliyoungana na skrini yako, yenye madirisha yake, na kishale kinavuka kutoka skrini moja kwenda nyingine.

Wengi huchagua kwa kubahatisha, kisha hubaki na hali ile ile hata kazi inapobadilika. Mtu anafanya kazi peke yake mbele ya monita kubwa, lakini bado anapata nafasi ile ile finyu ya kompyuta yake ndogo. Mwingine anaonyesha kitu mbele ya watu, na kila mara inambidi ageuze shingo kutafuta kishale kilikoenda. Wote wawili wana vifaa vizuri, ila kila mmoja amechukua hali iliyomfaa mwenzake.

Kwa hiyo kabla ya kugusa mipangilio, jiulize swali moja: nani ataitazama monita? Kama ni wewe mwenyewe, jibu karibu kila mara ni kupanua. Kama ni watu wengine, na wanatakiwa kuona kile unachokifanya kwa mikono yako wakati huo huo, jibu ni kuakisi. Yapo mazingira ya katikati, nayo ndiyo yanayohitaji maelezo marefu zaidi.

Kwanza picha ifike

Kama Chromebook yako ina tundu la HDMI na monita inalo pia, kebo moja ya HDMI inamaliza kazi. Chromebook nyingi za miaka ya karibuni hutegemea tundu la USB-C, na hapo una njia mbili: kebo ya USB-C hadi USB-C kama monita ina tundu hilo, au adapta ya kutoka USB-C kwenda HDMI. Tundu la USB la zamani, lile pana na bapa, halitoi picha kwa adapta ya kawaida, hata kama kichwa cha kebo kinaingia vizuri.

Kosa linalowapotezea watu muda mwingi ni kebo ya USB-C. Kebo mbili zinaweza kufanana kabisa kwa nje, moja ikabeba picha na nyingine ikabeba umeme tu pamoja na data ya mwendo mdogo. Kebo nyingi zinazokuja na chaja za simu ni za aina hii ya pili. Ukiitumia, taa ya chaji inaweza kuwaka, Chromebook ikapokea umeme kutoka kwenye monita, na bado monita ikaendelea kuandika kwamba hakuna mawimbi. Kuwepo kwa umeme si ushahidi kwamba kebo inafaa kwa picha.

Kutambua tatizo liko wapi ni rahisi ukianzia kwenye mipangilio. Fungua `Settings`, ingia `Device`, kisha `Displays`. Kama Chromebook imeiona monita, utaona skrini mbili zikiwa zimechorwa kama mistatili, pamoja na kisanduku kilichoandikwa `Mirror Built-in display`. Kisanduku hicho kinatokea pale tu skrini ya pili inapotambuliwa. Kikiwapo na monita bado ni nyeusi, kebo iache. Tumia vitufe vya monita yenyewe kuchagua tundu ulilochomeka, kwa sababu huenda inasubiri picha kwenye tundu jingine. Kisanduku kisipokuwapo, Chromebook haijui kwamba kuna monita, na hapo ndipo pa kubadilisha kebo au adapta.

Jambo jingine linalowachanganya watu siku ya kwanza: ChromeOS kwa kawaida huanza na hali ya kupanua. Maana yake monita itaonyesha picha ya mandharinyuma na rafu ya programu chini, bila dirisha lolote. Mtu anayetarajia kuona kazi yake pale hudhani muunganisho umeshindikana, anachomoa na kuchomeka tena. Haujashindikana. Monita ipo tayari, ila bado hujahamishia kitu.

Kubadili kati ya hali mbili hakuhitaji kurudi kwenye mipangilio kila mara. Bonyeza `Ctrl` pamoja na kitufe cha skrini nzima, kile cha mstari wa juu wa kibodi chenye mchoro wa mraba. Bonyeza mara moja uakisi, bonyeza tena upanue. Na ChromeOS hukumbuka ulivyoipanga monita husika, kwa hiyo ukiichomeka siku nyingine utaikuta kama ulivyoiacha.

Kuakisi hakukupi nafasi zaidi

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kuliko zote, na ni tofauti ambayo haionekani kwa macho hadi uipigie hesabu. Ukiakisi, Chromebook inapanga kila kitu kwa kipimo cha skrini yake ya ndani, halafu picha hiyo iliyokwisha kupangwa inavutwa ili ijae kwenye monita. Monita haipewi nafasi ya kutumia pikseli zake kuonyesha mambo zaidi. Inaonyesha mambo yale yale kwa ukubwa zaidi.

Tuchukue vifaa vya kawaida kabisa: Chromebook ya inchi 11.6 yenye pikseli 1366 kwa 768, na monita ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080. Skrini ya Chromebook ina pikseli kama milioni 1.05, monita ina kama milioni 2.07. Ukiakisi, unabaki na nafasi ya milioni 1.05 tu, ikirudiwa mara mbili. Ukipanua, unazo zote kwa pamoja, zaidi ya milioni 3.1, yaani karibu mara tatu ya nafasi uliyokuwa nayo kabla ya kuchomeka kebo.

Sasa iweke kwenye kazi halisi. Unataka kulinganisha nyaraka mbili za A4 ndani ya Google Docs, toleo la zamani upande mmoja na jipya upande wa pili. Ukurasa wa A4 ukionyeshwa kwa asilimia 100 una upana wa pikseli zipatazo 794. Kwenye skrini ya Chromebook, ukigawa madirisha mawili nusu kwa nusu, kila dirisha linapata pikseli 683. Ukurasa hauenei: ama unakatwa pembeni na kukulazimisha usogeze kushoto na kulia, ama unapunguza ukubwa hadi macho yaanze kuuma. Washa kuakisi na hali haibadiliki hata kidogo. Kila dirisha bado lina pikseli 683, ukurasa bado umekatwa, ila sasa umekatwa kwa herufi kubwa.

Panua, hamishia madirisha yote mawili kwenye monita, kisha yapange kwa `Alt + [` na `Alt + ]`. Kila moja linapata pikseli 960. Ukurasa wa 794 unaingia mzima na nafasi inabaki. Na skrini ya Chromebook imebaki huru kwa barua pepe au maelezo uliyopewa kuhusu mabadiliko. Kwa kazi ya aina hii sioni hoja yoyote ya kuakisi.

Kuna na suala la ukali wa picha. Kwenye mfano wetu, pikseli moja ya Chromebook inapaswa kutandazwa juu ya pikseli kama 1.4 za monita. Pikseli haiwezi kugawanywa, kwa hiyo rangi zinachanganywa kwenye kingo, na herufi nyembamba zinakuwa na ukungu kidogo. Mtu aliyekaa mbali hataona. Mtu aliyeketi mbele ya monita kwa saa nzima ataona, na huenda akailaumu monita bure. Ukipanua, kila skrini inachorwa kwa pikseli zake yenyewe na ukungu huo unaondoka.

Lakini kwa watazamaji wa mbali, kuakisi kuna faida yake

Hesabu ile ile inageuka ukifikiria watu waliokaa nyuma ya chumba. Kwa kuakisi, kila kitu kwenye monita ya inchi 24 kinakuwa kikubwa mara mbili na kidogo ya kilivyo kwenye skrini ya inchi 11.6. Kwa kupanua, dirisha hilo hilo likihamia kwenye monita linakuwa kubwa mara moja na nusu tu, kwa sababu monita inatumia pikseli zake nyingi kutoa nafasi badala ya kukuza. Kwa hiyo bila kugusa mpangilio wowote, maandishi yaliyoakisiwa yanasomeka kutoka mbali zaidi.

Faida kubwa zaidi ni ya mwili. Ukiwa unafundisha jinsi ya kujaza lahajedwali, au kuonyesha hatua za kutumia programu fulani, monita au projekta kwa kawaida iko nyuma yako au pembeni. Ukipanua, dirisha unaloliendesha liko kule, kishale kiko kule, na macho yako yanapaswa kuwa kule. Unawapa watu mgongo. Ukibofya mahali pasipo sahihi hujui mpaka mtu akwambie. Ukiakisi, unafanya kazi kwenye skrini iliyo mbele yako kama siku zote, unawatazama watu usoni, na wao wanaona kila unachogusa. Kama Chromebook yako ina skrini ya kugusa au kalamu, tofauti ni kubwa zaidi: unachora kwa mkono juu ya Chromebook na mchoro unatokea kule papo hapo.

Ndiyo maana nasema wazi kwamba kwa maonyesho ya moja kwa moja, ambayo mikono yako ndiyo somo lenyewe, akisi. Usijaribu kuwa mjanja na kupanua kwa sababu tu umeambiwa ndiyo hali ya watu wanaojua kompyuta.

Lipo sharti moja la kuangalia, nalo ni umbo la skrini. Monita nyingi zina umbo la 16:9. Baadhi ya Chromebook zina skrini ndefu zaidi ya 3:2. Ukiakisi skrini ya 3:2 kwenye monita ya 1920 kwa 1080, picha inajaza urefu wote wa 1080 lakini upana wake unaishia pikseli 1620. Pikseli 150 kila upande zinabaki nyeusi. Si hitilafu, wala kebo si mbovu. Ni umbo tu.

Projekta za zamani ndizo zenye hali ngumu zaidi. Projekta ya umbo la 4:3 yenye pikseli 1024 kwa 768 ikipokea picha ya Chromebook ya 1366 kwa 768, inalazimika kuibana mpaka upana wa 1024, na urefu unashuka hadi kama 576. Vipande vyeusi vya pikseli 96 vinabaki juu na chini, na maandishi yanabanwa hadi robo tatu ya pikseli zake. Herufi ndogo hapo zinaanza kupoteza umbo. Dawa ni kukuza kwenye Chromebook kabla ya kuanza: `Ctrl + Shift` pamoja na alama ya kujumlisha hukuza kila kitu kwenye skrini, na `Ctrl + Shift + 0` hurudisha hali ya kawaida. Kama unachoonyesha ni ukurasa mmoja tu wa kivinjari, `Ctrl` pamoja na alama ya kujumlisha inatosha.

Kwa muhtasari wa vipimo hivi, kwa anayependa kuviona kwa pamoja:

| Skrini mbili | Ukiakisi | Ukipanua |
|---|---|---|
| Chromebook 1366×768 na monita 1920×1080 | Nafasi ya 1366×768 imekuzwa, yenye ukungu kidogo | Monita inapata 1920×1080 yake kamili |
| Chromebook ya 3:2 na monita 1920×1080 | Picha ya 1620×1080, weusi kushoto na kulia | Monita inajaa yote |
| Chromebook 1366×768 na projekta 1024×768 | Picha ya 1024×576, weusi juu na chini | Projekta inajaa yote |

Mada yenye slaidi: hapa panua, ingawa una watazamaji

Kutoa mada kwa slaidi kunafanana na kufundisha, na wengi huakisi kwa sababu hiyo. Mimi nashauri kinyume. Kwenye slaidi mikono yako si somo. Unachofanya ni kusogeza ukurasa mmoja hadi mwingine. Unachohitaji mbele yako ni maelezo yako ya siri, muda uliotumika na slaidi inayofuata, vitu ambavyo watazamaji hawapaswi kuviona. Kuakisi hakuwezi kuficha chochote, kwa kuwa kila ulichonacho wao wanacho.

Ukitumia Google Slides, mpangilio huu hufanya kazi vizuri. Hakikisha umepanua. Hamishia dirisha la slaidi kwenye monita au projekta kwa kubonyeza `Search + Alt + M`, kwa sababu onyesho hujaza skrini ile ambayo dirisha lake lipo. Kitufe cha `Search` ndicho kilichokaa mahali pa kitufe cha `Caps Lock` kwenye kibodi nyingine, chenye mchoro wa kioo cha kukuzia au duara. Kisha bofya mshale ulio kando ya `Slideshow` na uchague `Presenter view`. Slaidi zinajaa kwenye projekta, na dirisha dogo lenye maelezo linafunguka. Likifunguka juu ya slaidi hizo hizo, lichague na ubonyeze tena `Search + Alt + M`, litahamia kwenye Chromebook. Jaribu mzunguko huu wote watu hawajaingia, maana dakika ile ya kutafuta dirisha la maelezo mbele ya ukumbi uliojaa ni ndefu mno.

Arifa nazo zina uzito kwenye uchaguzi huu. Ukiakisi, ujumbe wowote unaoingia unasomwa na chumba kizima. Ukipanua, arifa kwa kawaida hujitokeza kwenye skrini kuu, yaani ile iliyowekwa kama `Primary display`, ambayo mwanzoni huwa ni Chromebook yenyewe. Hiyo ni kinga nzuri, lakini usiitegemee peke yake kama umewahi kuifanya monita kuwa skrini kuu. Washa `Do not disturb` kwa hali yoyote ile.

Mpangilio unaofanya kupanua kupendeke

Watu wengi walioikimbia hali ya kupanua hawakushindwa na hali yenyewe. Walishindwa na mistatili miwili ya kwenye `Displays` ambayo hawakuipanga. ChromeOS inapoanza hudhani monita iko kulia kwa Chromebook. Kama meza yako imeiweka kushoto, utasukuma kipanya kushoto na kitagonga ukuta, wakati huo huo kikisukumwa kulia kinapotelea kwenye monita iliyo upande mwingine. Buruta mstatili wa monita uuweke upande ulipo kwa kweli, juu, kushoto au kulia. Sekunde chache tu, na usumbufu wote unaisha.

Halafu kuna urefu. Kwenye mfano wetu, Chromebook ina pikseli 768 kwenda chini na monita ina 1080. Kama mistatili imelingana kwa juu, pikseli 312 za chini za monita hazina jirani upande wa Chromebook. Kishale kikiwa kwenye eneo hilo na ukataka kurudi Chromebook, kinakwama ukingoni kana kwamba kompyuta imeganda. Kipandishe kidogo na kinavuka. Nafuu ya kudumu ni kuburuta mstatili mdogo uulinganishe na kimo halisi cha Chromebook mezani. Kwa kawaida Chromebook imekaa chini ya kiwango cha monita, kwa hiyo kulinganisha kwa chini ndiko kunakofuata macho.

Kingine ni ukubwa wa maandishi, ambao kila skrini huwa nao wake. Dirisha likihama kutoka Chromebook kwenda monita linabadilika ukubwa machoni, kwa sababu Chromebook yetu ina pikseli kama 135 kwa kila inchi na monita ina 92. Kama inakukera, chagua monita kwenye `Displays` na usogeze kitelezi cha `Display size`. Ukienda mbali zaidi na kuichagua monita kuwa `Primary display`, arifa zitahamia kule, na hili linafaa kwa anayefanya kazi peke yake siku nzima.

Kama monita yako ni ya 4K na kishale kinatembea kwa kurukaruka, angalia `Refresh rate` hapo hapo. Adapta nyingi za bei ndogo hufuata HDMI 1.4, ambayo kwa picha ya 4K huishia mara 30 kwa sekunde. Unaweza kushusha `Resolution` ili upate mara 60, au ubadilishe adapta iwe ya HDMI 2.0. Televisheni nazo wakati mwingine hukata kingo za picha, rafu ya chini ikafichika nusu. Hiyo hurekebishwa kwa `Overscan`, kwenye ukurasa huo huo.

Njia ya tatu: funga kifuniko

Nimeona kwamba mtu anayeakisi akiwa peke yake mara nyingi hataki kuakisi. Anataka monita kubwa iwe kompyuta yake, na skrini ndogo iliyo chini yake inampotezea mawazo. Anaakisi ili skrini mbili zisimshindanishe macho. Bei anayolipa ni ile tuliyoihesabu: nafasi ya 1366 kwa 768, na ukungu juu yake.

Suluhisho lake ni kufunga kifuniko cha Chromebook huku monita imechomekwa. Skrini ya ndani inazimika, kompyuta inaendelea kufanya kazi, na monita inabaki skrini pekee, ikitumia pikseli zake zote 1920 kwa 1080. Zile kurasa mbili za A4 zinaenea, herufi ni kali, na hakuna skrini ya pili ya kukukengeusha. Utahitaji kibodi na kipanya cha nje, viwe vya waya au vya bluetooth, na ni vizuri Chromebook iwe kwenye chaji. Unganisha vifaa hivyo kwanza, hakikisha vinaandika na kusogeza, ndipo ufunge. Ukichomoa monita kifuniko kikiwa kimefungwa, Chromebook kwa kawaida italala.

Asiye na kibodi ya nje apanue, aifanye monita kuwa skrini kuu, na apunguze mwanga wa skrini ya Chromebook hadi mwisho. Si sawa kabisa na kufunga kifuniko, ila nafasi anayoipata ni ile ile.

Unapohama kutoka hali moja hadi nyingine katikati ya kazi

Kikao kimoja kinaweza kudai hali zote mbili. Umeanza na slaidi kwa hali ya kupanua, kisha mtu anaomba umwonyeshe jinsi ya kufanya jambo fulani ndani ya programu. `Ctrl` na kitufe cha skrini nzima, umeakisi. Ukimaliza, bonyeza tena urudi. Hakuna sababu ya kung'ang'ania hali moja kwa saa nzima.

Angalia tu sauti, kwa sababu monita au televisheni iliyounganishwa kwa HDMI inaweza kuichukua, nayo pengine haina spika. Fungua menyu ya kona ya chini kulia, bofya mshale ulio kando ya kitelezi cha sauti, uchague itokee wapi. Na kama Chromebook yako ni ya kukunja, ujue kwamba ukiigeuza iwe tableti huku monita imechomekwa, ChromeOS inaweza kuingia kwenye kuakisi yenyewe. Ifungue irudi kuwa kompyuta ya kawaida ndipo upanue tena.

Hatari halisi iko pale unapotoka kwenye kupanua kwenda kuakisi mbele ya watu. Madirisha yaliyokuwa kwenye monita yanakusanyika kwenye skrini ya Chromebook, na skrini hiyo, pamoja na kila ulichokuwa umekiacha wazi pale kwa sababu hakuna aliyekuwa akikiona, ndiyo inayotokea kwenye projekta. Maelezo yako, barua pepe, orodha ya alama au mishahara, vyote. Kabla ya kubonyeza kitufe, punguza au funga madirisha ya Chromebook usiyotaka yaonekane, uache lile moja unalokwenda kuonyesha.